Hesabu Kutimia Hakutoshi

Wenye daladala Dar es Salaam wana kauli waliyorithishana: hesabu ikitimia, mengine ya dereva hayakuhusu. Kauli hii inawapoteza wengi, kwa sababu pesa iliyoletwa jioni ni namba iliyopangwa kabla gari halijawashwa. Kutimia kwake hakusemi gari lilishindaje.

Chukua mfano wa Kosta. Daftari la konda linasema tripu 10, mapato 330,000, mafuta lita 46 kwa 138,000, posho na matumizi madogo 42,000, na tajiri amepewa 150,000 yake. Hesabu imekaa sawa hadi shilingi ya mwisho. Lakini aliyeandika mapato ndiye aliyeandika matumizi, hivyo lazima yakubaliane. Na abiria waliopanda na kushuka njiani huwezi kuwahesabu ukiwa nyumbani.

Usihangaike na nauli. Soma kilomita kwenye dashibodi asubuhi na usiku. Ruti ni kilomita 18 kwenda tu, kwa hiyo tripu 10 ni 180. Weka 12 za kutoka na kurudi gari linapolala, unapata 192. Dashibodi inaonyesha gari limetembea 252. Kuna kilomita 60 ambazo daftari halizijui.

Sasa rudi kwenye mafuta. Gawa 252 kwa lita 46, unapata karibu kilomita 5.5 kwa lita. Ikiwa ndiyo kawaida ya gari hilo, mafuta yameandikwa kwa haki, na kilichofichwa ni safari: tripu tatu hivi, au gari lilikodiwa kupeleka watu msibani. Kama dashibodi ingesoma 192 kwa lita hizo hizo, ungepata kama 4.2, na hapo ungeuliza juu ya foleni, nozeli, mafuta yaliyofyonzwa, au waya wa mita uliochomolewa. Kipimo hiki kinasimama tu ikiwa tangi hujazwa hadi juu kila jioni, na siku moja ya mvua isikufanye umshuku mtu. Tazama wiki nzima.

Wapo watakaosema kilomita 60 si kitu, madhali pesa imefika. Basi ziweke kwenye siku 26 za kazi. Tajiri anayemwaga oili kila mwisho wa mwezi anaamini gari limetembea kama 5,000. Kumbe limepita 6,500. Injini ikianza kula oili, atamlaumu fundi.

Na dereva naye ana haki yake humo. Siku barabara imefungwa na gari limetembea kilomita 120 tu, namba hiyo hiyo ndiyo itakayomtetea akileta pungufu. Kwa mtindo wa hesabu tu, angejazia kutoka mfukoni, au angekatisha ruti na kuwashusha abiria njiani ili aifikie.