Bro yangu hakuanguka, aligawanywa kwa tano

Wasee, nikiwaambia hesabu iliyonifanya nikose usingizi juzi ni ya Gredi ya 5, mtacheka. Mimi mwenyewe niliacha kampasi mwaka wa pili, so sijaja hapa kujifanya profesa. Lakini hii ngoja niwaeleze, juu inahusu mtoto wa kila mtu.

Bro yangu mdogo alikuja na ripoti kutoka shule. Masomo matano, kila moja nje ya 10, na shule ilikuwa imesema wastani wa kupita ni 5. Ripoti ilisoma hivi: Kiingereza 6, Kiswahili 7, Hisabati 3, Masomo ya Jamii 4, na pale kwa Sayansi kulikuwa na kistari tu. Chini, kwa wino mwekundu: wastani 4, hajapita, mzazi afike shuleni azungumze kuhusu kurudia darasa.

Mathe alisoma hiyo 4 akanyamaza. Mnajua ule unyamavu wa mathe. Dogo akaingia kitandani na viatu.

Mimi nikauliza kitu kimoja tu: hiki kistari ni nini? Dogo akasema siku ya Sayansi alikuwa na malaria, hakuenda shule. Mathe akakumbuka, maana ndiye alimpeleka kliniki.

Sasa toa vidole tuhesabu. Wastani ni kujumlisha alama zote halafu kugawanya kwa idadi ya masomo. 6 na 7 ni 13. Ongeza 3, inakuwa 16. Ongeza 4, inakuwa 20. Dogo ana 20. Ukigawanya 20 kwa masomo 5 unapata 4, ameanguka. Ukigawanya 20 kwa masomo 4 aliyofanya kweli unapata 5, amepita. Alama ni zile zile na mtoto ni yule yule. Kilichobadilika ni ile namba ya chini.

Hapo ndipo watu wengi hupotea. Tukiona wastani tunauliza mtoto amepata ngapi, hatuulizi wamegawanya kwa ngapi. Na kumgawanyia kwa tano ni sawa na kusema alifanya Sayansi akapata 0. Hakupata 0. Hakuwa kwa chumba.

Lakini nisiwe mnafiki. Nilipomwambia mathe “si wagawanye kwa nne tu, yaishe,” nilikuwa namtetea dogo kupita kiasi. Ukigawanya kwa nne unasema kimyakimya kwamba Sayansi angepata 5, sawasawa na wastani wa zile zingine. Nani amekwambia? Labda angepata 8, labda 2. Sifuri inamwonea, na kuacha pepa nje inamkisia. Jibu la haki ni moja: apewe hiyo pepa afanye.

Na angehitaji ngapi? Hii ndiyo njia nataka uibebe, inafanya kazi bila kalamu. Chukua alama ya kupita, 5, uifanye laini. Kila somo liko juu au chini ya laini. Kiingereza 6 iko juu kwa 1. Kiswahili 7 iko juu kwa 2. Jumla akiba ni 3. Hisabati 3 iko chini kwa 2, Jamii 4 iko chini kwa 1. Jumla deni ni 3. Akiba imelipa deni lote, hakuna kilichobaki. Kwa hivyo somo la tano linatakiwa likae kwa laini yenyewe, yaani 5 au zaidi. Ukitaka kuhakikisha, masomo 5 mara 5 ni 25, na dogo alikuwa na 20, amebakisha 5. Kumbe mtoto aliyeandikiwa wino mwekundu alikuwa pepa moja ya kawaida tu kutoka kupita.

Tukaenda na mathe. Mwalimu wa darasa hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye watoto wengi na kompyuta moja. Akatufungulia jedwali la Excel, na nikaona kosa limekaa hapa:

```
=SUM(B2:F2)/5
```

Hiyo inajumlisha halafu inagawanya kwa 5 bila kujali kama kuna chumba kitupu. Kistari kinahesabiwa kama si kitu. Iko njia nyingine:

```
=AVERAGE(B2:F2)
```

Hii inaruka chumba kitupu na kugawanya kwa zile alama zilizopo. Lakini mtu akiandika 0 badala ya kuacha wazi, hiyo 0 inahesabiwa kama alama kamili na mtoto anazama tena. Mwalimu akaniangalia, akauliza, “Wewe unasomea nini?” Nikasema, “Nilikuwa nasomea, mwalimu.” Tukacheka kidogo. Dogo akapewa pepa ya Sayansi wiki iliyofuata.

Hayo ya kurudia darasa pia tuyaseme. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inasema mwanafunzi asizuiliwe darasa. Lakini mzazi akiitwa ofisini na kuonyeshwa namba nyekundu, wengi hukubali tu, juu namba inaonekana kama haina mjadala. Wastani una mjadala. Uulize umegawanywa kwa ngapi.

Dogo alipata 6. Jumla ikawa 26, moja juu ya 25 iliyohitajika. Amepita. Mathe akapika chapati, na mimi nilikula nyingi kuliko mwenye mtihani.

Ningeishia hapo mngenipigia makofi, lakini kuna kitu kilinisumbua wakati wa chapati. Ule wastani uliomwonea dogo mwanzoni, sasa unamficha. Wachukue watoto wawili. Wa kwanza ana 5, 5, 5, 5, 5. Wa pili ana 9, 8, 5, 2, 1. Jumlisha wote wawili, kila mmoja ana 25, wastani 5, wamepita. Lakini wa pili ana masomo mawili yanayozama, na ripoti imemwambia mzazi kila kitu kiko poa. Akiba ya somo moja inalipa deni la lingine kwenye karatasi. Kichwani hailipi. 7 ya Kiswahili haikufundishi kugawanya.

Ile 3 ya Hisabati ya dogo bado iko pale pale. Hatukuipigania ofisini, juu haikuwa kosa la mtu.

So msimamo wangu ni huu. Shule zikitaka kutumia wastani kupitisha mtoto, sawa, lakini ripoti iandike wazi wamegawanya kwa masomo mangapi, pepa aliyokosa mtoto isigeuzwe sifuri, na alama ya chini kabisa ikae karibu na wastani ili mzazi aione. Ni mistari miwili tu ya wino.

Mimi kwa sasa, kila jioni saa moja, tuko mezani na dogo tunagawanya. Jana aliniuliza, “Ishirini ukigawanya kwa nne?” Nikamwambia hiyo siwezi kusahau.