Kosa Si la Mantiki: Kuhusu Kitenzi Kinachodondoshwa katika Sentensi Ambatano za Kiingereza

Ipo hukumu moja katika idara zetu za fasihi ambayo hutolewa kabla ya kesi kusikilizwa. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili, akiandika ikisiri yake kwa Kiingereza, anaweka sentensi kama hii:

"The poem has and always will be a riddle."

Msahihishaji anaizungushia wino mwekundu na kuandika pembeni kwamba sentensi haina mantiki. Akiulizwa, atasema kwamba neno lililoachwa baada ya "has" ni "been", ilhali neno lililopo katika kishazi cha pili ni "be". Na kwa kuwa neno lililopo si lile lililoachwa, halikuwa na haki ya kuachwa. Kutokana na maelezo hayo huundwa kanuni ya jumla: kitenzi kisidondoshwe isipokuwa umbo lililosalia linafaa pande zote mbili za sentensi.

Tunadai katika makala haya kuwa msahihishaji amefanya vyema kuikataa sentensi hiyo, ila sababu anayoitoa ni ya uwongo. Na sababu ya uwongo haibaki pembeni mwa karatasi. Kwa sababu hiyohiyo anakata sentensi zisizo na hatia, na kwa sababu hiyohiyo anaipitisha, bila hata kuiwekea alama ya kuuliza, sentensi ambayo inamsingizia mwandishi jambo asilolifanya.

Tuanze na zisizo na hatia. Hakuna Mwingereza, wala Mkenya aliyesoma, atakayeshtushwa na sentensi hii: "The critic has not answered and never will." Lililoachwa baada ya "will" ni "answer", lililopo ni "answered". Maumbo hayalingani. Ikiwa kanuni ya msahihishaji wetu ni sheria ya mantiki, basi sentensi hii ina kosa lilelile la ile ya kwanza na ilistahili wino uleule. Lakini haipewi, kwa sababu sikio la msahihishaji ni aminifu kuliko kanuni yake. Bahati mbaya, sikio hilo huzibwa pale anapokutana na sentensi ya aina nyingine: "The first stanza is lost and the others damaged." Hapa lililoachwa ni "are", umbo la wingi, na lililopo ni "is", umbo la umoja. Tumeona tasnifu ambamo "are" imerudishwa kwa wino katika kila sentensi ya namna hii, ukurasa baada ya ukurasa, kana kwamba mwandishi hajui kuhesabu beti.

Udondoshaji wa aina hiyo, ambao huondoa kitenzi katikati ya kishazi cha pili na kuacha kiima na kijalizo chake, si uzembe wa wanafunzi. John Robert Ross aliuandikia makala mashuhuri mwaka 1970, na sarufi kubwa ya Quirk na wenzake ya mwaka 1985 inaushughulikia kama sehemu ya kawaida ya lugha. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kwenda mbali kuuelewa. Tunasema, "Mwalimu alileta kitabu na wanafunzi madaftari," wala hatulalamiki kwamba kiambishi kilichopo ni a- cha umoja ilhali kilichohitajika ni wa- cha wingi. Lakini hatusemi, "Mwalimu alileta kitabu jana na wanafunzi madaftari kesho." Upatanisho wa kisarufi unaweza kutofautiana kwa siri ndani ya pengo, njeo haiwezi. Kiambishi cha upatanisho hurudia tu habari ambayo kiima kimekwisha kuitoa, na kwa hiyo kukipoteza si hasara. Njeo ina habari yake yenyewe. Ndivyo ilivyo pia kwa "is" na "are".

Kama ni hivyo, kwa nini "has and always will be" iharibike? Jibu liko katika upande ambao pengo limekaa. Katika "has not answered and never will", pengo linafuata kitenzi. Msomaji amekwisha kukipokea kitenzi pamoja na maana yake, na anapofika kwenye "will" anachukua maana hiyo bila kubeba umbo. Katika "has and always will be a riddle", pengo linatangulia. Kitenzi kisaidizi "has" kimeachwa kikining'inia, kikingoja umbo fulani mahususi. Umbo linalokuja limeshonwa kwa kipimo cha "will", kilicho karibu nalo. Na hapa ndipo Kiingereza kinapotofautiana na lugha yetu. Visaidizi vya Kiingereza ni vichaguzi: "has" hudai umbo timilifu, "will" hudai umbo la msingi lisilo na nyongeza. Kisaidizi chetu -weza hudai kitenzi chenye ku- katika kila njeo, na kwa sababu hiyo twaweza kusema, "Hatukuweza wala hatutaweza kulifumbua fumbo hili," na neno moja la mwisho likatosheleza pande zote mbili. Kinyume chake, -me- na -ta- si maneno bali ni viambishi. Haviwezi kuachwa vikingoja mzizi. Mtafsiri wa sentensi yetu ya kwanza analazimika kuandika, "Shairi limekuwa fumbo na litakuwa fumbo daima," au akataje "fumbo" mara moja tu mwishoni. Kitenzi chenyewe hana njia ya kukitaja mara moja.

Hata hivyo, kuna ushahidi wenye nguvu zaidi kwamba jambo hili ni la umbo la neno wala si la mantiki, na ushahidi huo ulitolewa na Geoffrey Pullum na Arnold Zwicky mwaka 1986 katika jarida la Language. Kiingereza kina vitenzi vichache ambavyo umbo lake la msingi na umbo lake timilifu vinafanana kwa sauti: "put", "cut", "set", "come", "run". Hebu tulinganishe sentensi mbili tulizozitunga wenyewe:

"The editor has, and the author soon will, give the poem a title."

"The editor has, and the author soon will, put a title to the poem."

Ya kwanza inachechemea, kwa kuwa "has" ilidai "given". Ukiibadilisha iwe "given", itachechemea kwa mguu wa pili, kwa kuwa "will" inadai "give". Ya pili inasimama wima. Mantiki ya sentensi hizo ni moja: mhariri amekwisha kutenda, mwandishi atatenda, tendo ni lilelile. Njeo ni zilezile, na mpangilio wa vishazi ni uleule. Tofauti pekee ni kwamba "put" haibadiliki. Kama kosa lingekuwa la kimantiki, lingebaki hata baada ya kubadilisha kitenzi. Kwa kuwa limetoweka pamoja na tofauti ya sauti, hatuna budi kukiri kwamba makao yake ni katika mofolojia.

Tusije tukaeleweka, hata hivyo, kuwa pengo linalofuata kitenzi linasamehewa kila kitu. Howard Lasnik alionyesha mwaka 1995 kwamba kitenzi "be" hakina uhuru walio nao wenzake. "The poem puzzled us and always will" ni sentensi njema, ingawa "puzzled" si "puzzle". Lakini "The poem was a riddle and always will" haikubaliki. Lazima "be" itajwe mwishoni. Kwa hiyo "be" ni kitenzi kigumu pande zote, na si ajabu kwamba sehemu kubwa ya makosa tunayoyaona katika tasnifu yanakizunguka.

Wako wenzetu wa mrengo wa pili wanaosema kwamba ugomvi huu wote ni wa bure, kwa sababu waandishi wengi wa Kiingereza, wakiwemo wa magazeti na wa bungeni, husema "has and always will be" kila siku, nasi hatuna mamlaka ya kuwafundisha Waingereza lugha yao. Hoja hii ina ukweli nusu. Sentensi hiyo hupita masikioni kwa sababu umbo lililo karibu na mwisho linafaa, na kufikia hapo msikilizaji ameisahau "has". Lakini kinachopita katika hotuba hakipiti lazima katika uhakiki, ambako kishazi cha kwanza ni dai kuhusu yaliyotokea, na dai hilo linahitaji ushahidi. Nitatoa mfano mmoja, ambao ndio hasa uliotusukuma kuandika:

"The poet never has and never will be published."

Msahihishaji wetu mwenye kanuni ataisoma sentensi hii na kuipitisha. Ataangalia mwisho, aone "published", na ajiulize kama umbo hilo linafaa baada ya "has". Linafaa: "has published". Linafaa baada ya "will be"? Linafaa pia. Kanuni imetosheka. Lakini sentensi imesema nini? Kwa usomaji huo, mshairi mwenyewe hajapata kuchapisha chochote, na wala hatachapishwa. Ikiwa mwandishi alikusudia "never has been published", basi alisema jambo jingine kabisa: kwamba mshairi huyo hakupata mchapishaji. Katika usomaji wa kwanza mshairi ndiye mtendaji aliyenyamaza. Katika wa pili ni mtendwa aliyefungiwa mlango. Anayeandika historia ya ushairi ambao kwa muda mrefu uliishi vinywani na katika miswada ya hati za Kiarabu kabla ya kufikia mitambo ya chapa, hana ruhusa ya kuziacha habari hizo mbili zichanganyike. Neno "been", silabi moja, ndilo linalozitenga.

Mtafsiri wa sentensi hiyo atagundua tatizo kabla ya mhariri, kwani Kiswahili hakitampa pa kujificha. Atalazimika kuchagua baina ya "hajachapisha wala hatachapishwa" na "hajachapishwa wala hatachapishwa". Mnyambuliko -w- ama upo, ama haupo. Kama mwandishi yu hai na anafikika, aulizwe. Kama hafikiki, mtafsiri arejee aya zilizotangulia aone kama zinazungumzia hiari ya mshairi au milango ya wachapishaji, na uamuzi wake autaje katika tanbihi.

Basi tunawaomba wasahihishaji waache kuandika "haina mantiki". Penye "has and always will be a riddle" waandike "been" juu ya "has and", waendelee. Penye "The first stanza is lost and the others damaged" waiweke chini kalamu. Na penye "never has and never will be published" wasiongeze neno lolote kwa niaba ya mwanafunzi, bali wamwite ofisini wamwulize ni nani aliyekataa, mshairi au mchapishaji.