Jina moja, karatasi tatu

Tangazo la kazi likitoka Geita au Bulyanhulu, vijana wa huku kwetu hukimbilia stesheneri kutoa kopi. Wachache huzipanga kopi hizo mezani wakasoma jina herufi kwa herufi.

Tumchukulie kijana wa Msalala. Cheti chake cha kidato cha nne kinasema Kulwa Masanja Ng'wandu. Kitambulisho cha Taifa kinasema Petro Kurwa Masanja, kwa sababu alikuwa ameshabatizwa na karani aliandika alivyosikia. Benki, alikofungua akaunti zamani kwa kadi ya mpigakura, ni Petro Masanja. Kijijini ni mtu yule yule. Kwa ofisa ajira ni watu watatu, na tangu uhakiki wa mwaka 2017 ulipoibua watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi, hatumlaumu akisita.

Aanzie wapi? Kwenye karatasi ngumu kubadilika, yaani cheti cha NECTA. Baraza halimwandikii mtu cheti kipya kwa kuwa sasa anapenda kuitwa Petro. Basi akubali kuwa Kulwa, achukue cheti hicho na cha kuzaliwa cha RITA, aende ofisi ya NIDA ya wilaya kuomba marekebisho. Cha kuzaliwa nacho kikisema vingine, RITA ndiyo itangulie.

Benki isubiri. Siku hizi benki huhakiki mteja kwa namba ya NIDA na alama za vidole, kwa hiyo anayeanzia huko atarudishwa. Hata mfumo wa Sekretarieti ya Ajira huomba namba hiyo hiyo. NIDA ikishasahihisha, benki inafuata, kisha laini ya simu na NSSF kama alikwishachangia.

Akilitaka kweli jina la Petro, hiyo ni safari nyingine: hati ya kubadili jina, iliyoandaliwa kwa wakili na kusajiliwa kwa Msajili wa Hati. Tunaona wengi wakilipia kiapo cha kawaida wakidhani yamekwisha. Kiapo hicho kinaeleza tu kwamba Kulwa na Kurwa ni mmoja. Kwenye kompyuta ya NIDA hakigusi kitu. Na hakuna hati itakayomwokoa aliyesoma kwa cheti cha kaka yake.

Haya yafanyike kabla tangazo halijatoka, maana dirisha la maombi mara nyingi ni wiki mbili, na marekebisho hayana haraka hiyo.

Lakini lawama si ya vijana peke yao. Mkuu wa shule anayesajili watahiniwa Kahama au Nyang'hwale anajua fika kwamba Ng'wandu huandikwa Ngwandu, na Kulwa akawa Kurwa. Orodha ya usajili ibandikwe ukutani, mzazi aje na cheti cha kuzaliwa, asaini mbele ya jina la mwanawe kabla halijatumwa.