Mshika Mbili na Aseme Ipi Kwanza

Wahenga walinena kwamba mshika mbili moja humponyoka. Mpangaji wa safari za malori huuonja ukweli huo kila juma. Hutakiwa kufikisha mizigo yote iliyoagizwa, na papo hapo hutakiwa asivuke kiasi cha dizeli alichopangiwa. Mara nyingi mambo hayo mawili hayapatani. Ipo njia ya hisabati iliyotungwa kwa ajili ya hali kama hiyo, nayo ni upangaji kwa malengo, ambao Abraham Charnes na William Cooper waliueleza katika kitabu chao cha mwaka 1961. Njia hiyo ni ya kutegemewa. Lakini ndani yake mna hatua moja isiyo ya hisabati hata kidogo, na hatua hiyo ndiyo huamua nani apate na nani akose. Haifai kuiacha ifichike nyuma ya tarakimu.

Na ichukuliwe, kwa mfano wa kubuni, bohari ya dawa yenye lori moja libebalo katoni 100. Zahanati zake ziko kwenye barabara mbili. Safari ya barabara ya karibu, kwenda na kurudi, ni kilomita 70, na lori hula lita 20 za dizeli. Safari ya barabara ya mbali ni kilomita 210, na lori hula lita 60. Kwa juma moja barabara ya karibu haihitaji zaidi ya safari 4, wala ya mbali zaidi ya safari 3. Malengo ni mawili: kufikisha katoni 600 kwa juma, na kutumia dizeli isiyozidi lita 140.

Mwanafunzi akiyaandika malengo hayo kama masharti ya kawaida, mchoro wake hautakuwa na eneo lolote la majibu. Sababu ni wazi. Katoni 600 zahitaji safari 6, na safari 6 zilizo rahisi kuliko zote, yaani 4 za karibu na 2 za mbali, hula lita 200. Hesabu husema tu kwamba haiwezekani, kisha hunyamaza. Hata hivyo zahanati hungoja dawa, na lori sharti liondoke.

Upangaji kwa malengo huanza kwa kutenga sharti na lengo. Sharti halivunjiki: lori halibebi zaidi ya uwezo wake. Lengo laweza kukosewa, mradi kiasi cha kukosea kipimwe. Kwa hiyo kila lengo hupewa vigeu viwili vya mkengeuko: u kwa upungufu na z kwa ziada. Ikiwa x ni idadi ya safari za karibu na y ya safari za mbali, milinganyo huwa hivi:

100x + 100y + u1 − z1 = 600
20x + 60y + u2 − z2 = 140

Vigeu vyote si hasi, tena x haizidi 4, y haizidi 3, na zote mbili ni namba kamili. Kati ya mikengeuko minne, miwili tu ndiyo mibaya: u1, katoni zilizokosekana, na z2, lita zilizozidi. Kosa la mara kwa mara ni kupunguza yote minne kwa pamoja. Afanyaye hivyo huihesabu dizeli iliyobaki kuwa ni hasara.

Kisha huja ngazi za kipaumbele. Lengo la ngazi ya kwanza hushughulikiwa peke yake hadi mkengeuko wake uwe mdogo iwezekanavyo. Matokeo hayo hufungwa yawe sharti, ndipo lengo la ngazi ya pili hushughulikiwa kwa nafasi iliyobaki.

Dawa zikitangulia, u1 yaweza kuwa 0 kwa njia tatu: safari 4 na 2, 3 na 3, au 4 na 3. Kati ya hizo ya kwanza ndiyo hula dizeli kidogo, lita 200, na ziada ni lita 60. Dizeli ikitangulia, jibu lililo bora ni safari 4 za karibu na 1 ya mbali. Lita ni 140 barabara, lakini katoni ni 500, na upungufu ni katoni 100.

Hakuna hesabu iwezayo kusema lipi kati ya majibu hayo mawili ndilo sahihi. Yote mawili ni sahihi kwa mpangilio wake. Kilichobadilika ni tamko moja tu la mtu, nalo lilitolewa kabla ya kalamu kugusa karatasi.

Tena tamko hilo lina ukali ambao wengi hawautambui. Tuseme dawa zimetangulia, na lengo likapandishwa kutoka katoni 600 hadi 610. Ili u1 iwe 0, sharti safari ya saba ifanyike. Lori litakwenda kilomita 210 likiwa na katoni 10, dizeli itafika lita 260, na ziada itaruka kutoka 60 hadi 120. Hesabu haikukosea. Imetii amri kwamba katoni moja ya ngazi ya kwanza ipite lita zozote za ngazi ya pili, hata zingekuwa elfu. Dalili ya ugonjwa huu ni hiyo hiyo: lengo la juu likiguswa kidogo, mkengeuko wa chini huruka sana. Dawa yake ni kutofunga u1 kwenye 0 bali kuruhusu, mathalani, upungufu usiozidi 10. Mara mpango wa safari 4 na 2 hurudi.

Wapo wasemao kwamba ngazi ziachwe, badala yake mikengeuko ipewe uzito, kwa mfano katoni moja ihesabiwe sawa na lita mbili. Kwa uzito huo safari ya pili ya mbali hukubaliwa, maana huleta katoni 100 kwa lita 60, na ile ya katoni 10 hukataliwa. Hoja hiyo ina nguvu. Lakini uzito nao ni tamko la mtu, sawasawa na ngazi.

Jambo zito kuliko yote ni kwamba u1 = 100 haisemi katoni hizo zilikuwa za nani. Dizeli ikitangulia, inayofutwa kwanza ni safari ya lita 60, wala si ya lita 20. Basi upungufu wote huwaangukia wagonjwa wa barabara ya mbali, juma hili, na juma lijalo, na kila juma mpango huo unapotumika. Hakuna aliyeandika kwamba wao wawe wa mwisho. Mpangilio wa ngazi umeandika kwa niaba yake.

Kwa sababu hiyo mpango wa safari usikubaliwe ukiwa na jibu moja pekee. Majibu ya mipangilio yote miwili yawekwe mezani, pamoja na jina la barabara iliyokosa, na mwenye dhamana ya bohari ndiye achague, si fundi wa hesabu. Darasani vivyo hivyo: mwanafunzi aliyepata x = 4 na y = 1 hajamaliza swali mpaka aseme katoni 100 zimekosekana wapi, na lita 60 zingebadili nini.