Kuchovya Kwenye Spiriti si Kuosha

Wasee, Jumamosi nilikuwa Dunga kula samaki, nikaona jamaa wa kucha akizunguka ufuoni na beseni lake. Alimaliza vidole vya mteja mmoja, akapangusa neilkata kwa kitambaa, akaichovya kwenye kikopo cha spiriti, moja, mbili, tatu, akahamia kwa mwingine.

Mimi naona huo ni mchezo wa kuigiza. Angalia meno ya hiyo neilkata. Kuna unga mweupe umeshikamana hapo. Huo ni ukucha wa mtu, na kama alikuwa na fangasi, fangasi yuko ndani ya huo unga. Spiriti inapita juu tu.

Usafi unaanza na maji ya sabuni na brashi kuukuu ya meno. Sugua mpaka kwenye kiungo, suuza, kausha. Ndiyo sasa uzamishe chombo chote kwenye spiriti ya asilimia 70 kwa dakika 10, au kama ni chuma kitupu, ukichemshe dakika 20. Hiyo haifikii mashine ya mvuke ya hospitali, lakini iko mbali sana na sekunde tatu. Tupa ya kucha ya karatasi na kijiti cha mbao ndivyo havisafishiki, vinanyonya maji. Hivyo beba vyako.

Nilimwambia jamaa, akacheka. "Omera, nikingoja dakika 20 mteja ameenda." Ana pointi. Lakini akiwa na seti tatu, moja inafanya kazi, moja iko kwa sufuria, moja inangoja. Hapotezi mtu.

Halafu kuna kale kangozi kembamba kwenye mzizi wa ukucha. Wengi wanataka kakatwe ndio rangi ikae poa. Hako ndiko kifuniko kinachozuia maji na vijidudu kuingia chini. Siz mmoja anayepara samaki hapo Dunga alikatwa, kesho yake akarudi kwa mbuta, mikono majini kutwa. Kidole kikavimba kwenye mzizi, kikaendelea kuuma wiki baada ya wiki. "Nilidhani ni mwiba," aliniambia. Kliniki wakamwambia ni maambukizi, maji na kidonda vimefungua njia. Ukucha ukaota na mabonde. Ukucha wa mkono hukua kama milimita 3 kwa mwezi, kwa hivyo alingoja karibu nusu mwaka ndio utoke mzima.

Kwa hivyo kama kazi yako ni ya maji, samaki, vyombo au kufua, usikubali kukatwa hapo. Kalainishwe, kasukumwe nyuma polepole, basi. Na ukiona ukucha unageuka manjano, unanenepa na kumeguka ukingoni, usiufunike na rangi. Onyesha daktari, na usiweke kidole hicho kwa beseni la watu.

Sisemi jamaa aache kazi. Nasema kabla ukae, mwambie akuonyeshe meno ya neilkata. Ukiona unga, simama.