Pisi 12 Zilizogeuka Sufuria 4: Dada wa Mjini Hakuiba, Ila Kapsheni Yake Ndiyo Iliyomponza

Wikiendi iliyopita kicheni pati moja ya Dar iliisha kwa minong'ono. Kamati ilimchangia bibi harusi mtarajiwa seti ya jikoni ya shilingi 185,000, iliyonunuliwa kwa dada mmoja maarufu wa Instagram ambaye siku hizi anauza vyombo. Boksi likafunguliwa mbele za watu, mshereheshaji akiwa na kipaza sauti, akihesabu kwa mbwembwe kitu kimoja kimoja. Alipofika sufuria ya nne, boksi likabaki na kikaango na vijiko vya kupikia. Ukumbi kimya. Shangazi mtu akauliza kwa sauti, "Hizo nane nyingine zimebaki kwenye boda?"

Kufika usiku skrinshoti zimeshasambaa na dada wa watu anaitwa tapeli. Naye akaingia laivu akilia, anaapa hajamdhulumu mtu hata kijiko. Na ukweli mchungu ni kwamba hajadhulumu. Boksi lilikuwa na vitu 12 kamili. Tatizo lilianzia kwenye alichoandika.

Kapsheni yake ilisomeka hivi: "SETI YA JIKONI PISI 12, KALI SANA! 185,000 tu. Mzigo mdogo, wahi inboksi." Kwenye picha, sufuria zimepangwa juu ya meza, pembeni kuna chupa ya chai, sahani 6 na kibao cha kukatia vitunguu. Picha ya kuvutia kweli. Sasa mtu akisoma "pisi 12" huku anaangalia meza ile, unategemea aelewe nini?

Wanaouza vyombo wanalijua hili vizuri. Kiwanda kikiandika "12 pcs" kwenye boksi la sufuria, kinahesabu kila kinachoshikika peke yake, na mfuniko ni pisi. Upawa pia ni pisi. Kwa hiyo seti ile ilikuwa sufuria 4, mifuniko 4, kikaango 1, upawa 1, mwiko 1 na kijiko cha matundu 1. Jumlisha, inakuja 12. Lakini mama wa Tabata hahesabu mfuniko peke yake. Kwake sufuria na mfuniko wake ni kitu kimoja, kama kiatu na soli. Dada alichukua hesabu ya kiwandani akaibandika kwa watu wenye hesabu ya nyumbani, halafu akashangaa zimegongana.

Kuna wanaomtetea kwamba mteja angeuliza. Mbona aliuliza! Kwenye skrinshoti katibu wa kamati anaandika, "Vyote vipo dear?" na anajibiwa, "Vyote vipo mpenzi." Hapo ndipo penye balaa. Katibu alimaanisha vyote vya kwenye picha. Muuzaji alimaanisha vyote vya kwenye boksi. Hakuna aliyedanganya, na laki na 85 imeshatumwa.

Tangazo la seti linatakiwa lifanye kazi moja ambayo picha haiwezi: mteja akifungua boksi, alishike tangazo mkononi na kuhesabu nalo mstari kwa mstari hadi mwisho bila kumuuliza mtu. Kama hawezi, hilo bado ni bango tu. Kapsheni ya seti ileile, bei ileile, ingeweza kuwa hivi:

"Seti ya kupikia: sufuria 4 na mifuniko yake, kikaango 1, vijiko vya kupikia 3. Shilingi 185,000.
Sufuria 1 ya sm 16 (lita 1.5) na mfuniko
Sufuria 1 ya sm 18 (lita 2) na mfuniko
Sufuria 1 ya sm 20 (lita 2.5) na mfuniko
Sufuria 1 ya sm 24 (lita 5) na mfuniko
Kikaango 1 cha sm 24. Hakina mfuniko wake, kinatumia wa sufuria ya sm 24
Upawa 1, mwiko 1, kijiko cha matundu 1
Kwenye boksi imeandikwa 12 pcs kwa sababu mifuniko 4 imehesabiwa.
Chupa ya chai, sahani na kibao ni vya kupambia picha, havimo."

Angalia mstari wa kwanza. Instagram inaonyesha mwanzo tu wa kapsheni, mengine hadi mtu abonyeze. Ndiyo maana sufuria 4 zimekaa pale juu kabisa, na lile neno "pisi" limeshushwa chini pamoja na maelezo yake. Aliyekuwa anatafuta sufuria 12 anapita zake mapema, na hiyo ni faida, maana mteja wa namna ile ndiye anayerudisha mzigo.

Lita nazo si mapambo. Sentimita ni upana wa mdomo wa sufuria, na wengi hawawezi kuupiga picha kichwani. Ukisema lita 5, mtu anajua kama wali wa familia yake unaenea. Kupima ni rahisi: chukua chupa ya maji ya lita 1, mimina hadi karibu na ukingo, hesabu umemimina ngapi.

Na ule mstari wa kikaango ndio wauzaji wengi wanauogopa. Seti nyingi zinafanya mfuniko mmoja utumike kwenye sufuria na kikaango vyenye upana sawa. Si kasoro, ila usipoandika, mteja atadhani mfuniko wake umeibwa njiani, na dereva wa boda asiye na hatia ndiye atakayetukanwa.

Wapo watakaosema kapsheni ndefu inaua biashara, watu hawasomi. Sawa, asiyesoma mpe picha ya pili: vitu vyote 12 vimetandazwa kwenye mkeka, mifuniko imewekwa pembeni ya sufuria zake, bila chupa ya chai wala maua. Hata hivyo maandishi yabaki, kwa sababu siku ya ugomvi picha haihesabiki, orodha inahesabika. Na nafasi ipo, Instagram inaruhusu herufi 2,200. Orodha ile haifiki hata nusu.

Ila orodha nzuri nayo inachakaa. Mzigo mpya ukiingia, boksi linaweza kuwa na picha ileile na jina lilelile, kumbe ndani sufuria ya sm 20 imekuwa ya sm 18 na kijiko cha matundu kimepotea. Muuzaji anayekopi kapsheni ya mwezi uliopita anauza mzigo asioujua. Afungue boksi moja la kila mzigo, ahesabu, ndipo aposti.

Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na inakataza kumpotosha mteja kwenye biashara. Haikuwahi kusema upotoshaji ni lazima uwe uongo. Namba ya kweli iliyoandikwa vibaya inaweza kumpoteza mtu vizuri tu.

Dada ameahidi kumpelekea bibi harusi chupa ya chai na sahani 6 kutoka mfukoni kwake, yaishe. Uungwana huo. Lakini hadi jana jioni posti ilikuwa bado iko hewani, na kapsheni bado inasema pisi 12, kali sana.

Wewe unaonaje, mfuniko ni pisi au si pisi? Dondosha komenti yako hapo chini.