Kuuguza wakwe kuwe kwa zamu

Kuwauguza wazazi ni kwanza wajibu wa watoto wao wa kuzaa, na mke wa mwana anayeachiwa kazi hiyo anastahili kupokewa zamu na mchango wake kutambuliwa kisheria.

Kifungu cha 57 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinawapa wazee haki ya kutunzwa na familia na serikali. Hakisemi ni nani katika familia. Mila hulijaza pengo hilo upesi: wana hutuma pesa kwa simu, mke wa mmoja wao hubaki na mgonjwa.

Pesa hizo zinahitajika, lakini hazimgeuzi mtu kitandani. Mama aliyepooza kwa kiharusi hugeuzwa takriban kila saa mbili, hata usiku, asitokwe na vidonda vya kulalia. Wekundu usioondoka kwenye kiuno au visigino ni dalili kwamba zamu imerukwa. Hakuna mtu mmoja awezaye hayo kwa miezi. Asiyeweza kufika na amlipe mlezi wa usiku, si dawa tu. Na wazazi wa mke nao waingie katika hesabu.

Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013 inataja kazi za nyumbani na kulea watoto kuwa mchango, bila kutaja kuuguza wakwe. Wenye uwezo wa kuirekebisha waongeze hilo. Nao wakuu wa familia, hodari wa kuitisha vikao vya mazishi, waitishe kikao cha zamu mgonjwa angali hai.